Muuzaji alisema ushuru umejumuishwa, sasa msafirishaji ananidai tena

Ndugu Mshauri,

Niliagiza cherehani ya umeme kutoka nchi ya nje, moja kwa moja katika tovuti ya muuzaji, nikalipa kwa kadi. Nitaandika tarakimu bila sarafu, kwa kuwa hesabu ni ile ile kwa sarafu yoyote. Risiti yangu inaonyesha bidhaa 250, usafirishaji 50, jumla 300. Ukurasa wa bidhaa uliandikwa hivi: “Bei ya mwisho inajumuisha usafirishaji hadi mlangoni pamoja na ushuru na kodi zote za kuingiza mzigo.” Nilipiga picha ya ukurasa huo siku niliponunua.

Jana kampuni ya usafirishaji imenitumia ankara ya 142: ushuru wa forodha 35, kodi ya ongezeko la thamani 77, ada ya uwakala wa forodha 18 na ada ya kufikisha mzigo 12. Wameambatanisha nakala ya ankara ya muuzaji, ambayo imeandikwa thamani ya bidhaa 300, na pembeni herufi DAP zikifuatiwa na anwani ya nyumbani kwangu. Katika hesabu ya forodha naona 300, kisha 50 ya usafirishaji. Nimepewa siku tano, baada ya hapo nitaanza kutozwa gharama ya ghala kila siku. Muuzaji ananijibu kwamba aliposema ushuru umejumuishwa alimaanisha ushuru wa nchi yake. Je, nilipe, niukatae mzigo, au nimshitaki kwa benki?

Mnunuzi

*

Ndugu Mnunuzi,

Nakushauri usiukatae mzigo leo, wala usilipe leo. Tumia siku mbili za mwanzo kumwandikia msafirishaji na muuzaji kwa wakati mmoja, na kama hadi siku ya nne hapajabadilika kitu, lipa, chukua cherehani yako, kisha mdai muuzaji. Nitakueleza kwa nini naona hivyo, kwa sababu katika ankara hiyo moja kuna madeni ya aina tofauti, na kila deni lina mlango wake wa kubishia.

Anza na forodha. Mamlaka ya forodha haikuwa sehemu ya mapatano yenu na haiangalii ahadi aliyoitoa muuzaji kwenye tovuti yake. Mzigo umeingia nchini kwa jina lako, kodi imewiva, na anayetambuliwa kuwa mwingizaji ni wewe. Msafirishaji naye, kwa kawaida, hutanguliza kodi hiyo kutoka mfuko wake ili mzigo utoke haraka, halafu huushikilia mpaka arudishiwe fedha yake. Ndiyo maana karani wa msafirishaji unayempigia simu hawezi kukusaidia ukimwambia tu kwamba muuzaji aliahidi kulipa. Hata akikuamini kabisa, ahadi hiyo haimpi mamlaka ya kuachia mzigo. Ugomvi wa ahadi ni kati yako na muuzaji peke yenu. Kwa msafirishaji unaweza kuomba mambo mawili tu, na nitayafikia, ila kwanza tuziangalie herufi zile tatu, maana ndizo zilizokuletea ankara.

DAP na DDP ni miongoni mwa masharti ya biashara yanayotungwa na Chama cha Kimataifa cha Biashara, ambacho kilitoa orodha ya kwanza mwaka 1936, na toleo linalotumika sasa lilianza kutumika mwaka 2020. Muuzaji anayetuma kwa DDP amekubali kubeba kila kitu mpaka mahali palipotajwa, pamoja na ushuru na kodi za kuingiza. Anayetuma kwa DAP amekubali kubeba usafiri mpaka mahali hapo hapo, lakini kodi za kuingiza anamwachia mpokeaji. (Ukikutana na DDU kwenye karatasi za zamani au za wauzaji wasiobadilisha fomu zao, maana yake kwa mnunuzi ni karibu sawa na DAP, iliondolewa katika toleo la 2010.) Kwa hiyo muuzaji wako alikuuzia kwa maneno ya DDP na kutuma kwa karatasi za DAP. Hilo ndilo kosa lenyewe, na uzuri wake kwako ni kwamba limeandikwa na yeye mwenyewe mara mbili, kwenye ukurasa wa bidhaa na kwenye ankara.

Usikimbilie kuamini kwamba ni ulaghai. Katika mifumo mingi ya wasafirishaji, mtumaji anapojaza fomu huulizwa nani alipie usafiri, na baadaye huulizwa swali la pili, tofauti kabisa, nani alipie ushuru na kodi. Swali la pili mara nyingi linakuwa tayari limejazwa jina la mpokeaji, na mfanyakazi wa ghala anayefunga vifurushi vingi kwa siku hulipita bila kuliona. Ipo pia hali ambapo muuzaji alichagua kulipa mwenyewe, lakini akaunti yake kwa msafirishaji haijaruhusiwa huduma hiyo, basi mfumo ukamrudishia mpokeaji deni. Njia ya kujua ni kuomba nakala ya hati ya mzigo, ile yenye namba ya kufuatilia, na kutazama sehemu ya mlipaji wa ushuru na kodi. Ikisema mpokeaji, kosa ni la muuzaji. Ikisema mtumaji, kosa limetokea kwa msafirishaji au kwenye akaunti ya mtumaji, na ankara uliyopewa inapaswa kuondolewa jina lako bila wewe kutoa chochote.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa kuna jambo ambalo huenda hukulitilia maanani. Kwa namna hati yako ilivyo, nchi yako hukokotoa ushuru juu ya bei ya bidhaa ikijumlishwa na usafirishaji. Ziko nchi nyingine zinazochukua bei ya bidhaa pekee. Wao wamechukua 300, wakaongeza 50, wakapata 350. Ushuru wa asilimia 10 ni 35. Kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 imetozwa juu ya 350 pamoja na ule ushuru, yaani 385, ikawa 77. Jumla ya kodi ni 112, na hesabu yenyewe haina kosa la kujumlisha. Kosa liko kwenye namba ya kwanza. Risiti yako inasema bidhaa ni 250, na 300 ni jumla ambayo usafirishaji umo ndani yake. Muuzaji aliandika jumla uliyolipa kana kwamba ndiyo bei ya cherehani, halafu wakala wa forodha akaongeza tena usafirishaji kutoka kwenye hati ya mzigo. Umetozwa kodi juu ya usafirishaji mara mbili.

Hesabu sahihi ni 250 na 50, jumla 300. Ushuru unakuwa 30, kodi ya ongezeko la thamani inakokotolewa juu ya 330 na kuwa 66, na zote mbili zinafika 96. Tofauti ni 16. Hiyo 16 si haki ya muuzaji wala ya msafirishaji. Ni fedha ambayo forodha haikustahili kuipokea, na inarudishwa kwa kurekebisha tamko la forodha. Kosa la aina hii hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa pale muuzaji anapotangaza bei moja yenye kila kitu ndani, na hugunduliwa tu na mnunuzi anayeiweka risiti yake kando ya hati ya forodha na kuzisoma mstari kwa mstari kama ulivyofanya.

Basi leo hii mwandikie msafirishaji, kwa maandishi na si kwa simu pekee, ukitaja namba ya mzigo. Jambo la kwanza ni kumwomba abadilishe mlipaji wa ushuru na kodi kutoka mpokeaji kwenda mtumaji. Wasafirishaji wengi wanaweza kufanya hivyo endapo mtumaji ana akaunti kwao na akathibitisha kwamba anakubali, kwa hiyo ombi hilo litafaa tu kama muuzaji naye atawaandikia. Ndiyo sababu nimesema uwaandikie wote wawili siku moja. Jambo la pili ni kumwomba wakala wao wa forodha arekebishe thamani ya bidhaa kutoka 300 kuwa 250, ukiambatanisha risiti ya ununuzi na uthibitisho wa malipo ya kadi unaoonyesha kwamba kiasi chote kilichotoka kwako ni 300. Uthibitisho huo una nguvu sana, kwa maana hakuna namna 350 ingeweza kuwa gharama ya mzigo ambao ulilipiwa 300 pamoja na usafiri. Marekebisho ni mepesi kabla mzigo haujatolewa kuliko baadaye, lakini yanaweza kuchukua muda kupita siku zako tano. Omba wakuandikie kama saa ya ghala inasimama wakati ombi likishughulikiwa. Wakikataa kuisimamisha, usikae ukisubiri. Gharama ya ghala ya siku chache inaweza kuimeza hiyo 16 yote, na madai ya kurejeshewa kodi iliyozidi yanaweza kufunguliwa hata baada ya kulipa, ndani ya muda uliowekwa na sheria ya forodha ya nchi yako.

Kwa muuzaji, usijadili tena maana ya neno ushuru. Jibu lake kwamba alikusudia ushuru wa nchi yake halisimami, kwa sababu maneno yake mwenyewe yanataja kodi “za kuingiza mzigo”, na cherehani haiingizwi katika nchi inakotoka. Ongeza kwamba bidhaa za kawaida za kiwandani kwa desturi hazitozwi ushuru zinapotoka, kwa hiyo ahadi ya kuulipa ingekuwa ahadi ya kitu kisichokuwapo. Mwandikie kwa ufupi, kwa mfano hivi:

“Niliagiza bidhaa hii kwa ahadi yako ya maandishi kwamba bei inajumuisha usafirishaji hadi mlangoni pamoja na ushuru na kodi zote za kuingiza mzigo, nakala ya ukurasa huo nimeiambatanisha. Umetuma kwa sharti la DAP, na ankara yako imeonyesha 300 kuwa thamani ya bidhaa ilhali risiti yako inaonyesha 250. Kwa sababu hiyo nimedaiwa 142. Naomba, ndani ya saa 48, umwandikie msafirishaji kwamba ushuru, kodi na ada zinazoambatana vilipwe kutoka akaunti yako, na unitumie ankara iliyosahihishwa. Usipofanya hivyo nitalipa ili kuzuia gharama ya ghala, bila kuacha haki yangu ya kudai, na nitakutaka unirejeshee 142. Forodha ikinirudishia sehemu yoyote, nitaipunguza katika kiasi hicho.”

Nimeandika 142 na si 126 kwa makusudi. Ile 16 imetozwa kwa sababu ya ankara aliyoiandika vibaya yeye, na mpaka forodha itakapoirudisha, hasara hiyo ni yako kwa kosa lake. Ankara iliyosahihishwa utaihitaji pia, kwani forodha humsikiliza kwa urahisi zaidi mnunuzi ambaye risiti yake inaungwa mkono na karatasi ya muuzaji.

Ni haki ujue pia ni sehemu gani za dai lako zina nguvu na ipi ni dhaifu. Kodi zina nguvu, kwa sababu zimetajwa waziwazi kwenye ukurasa wa bidhaa. Ada ya kufikisha, ile 12, ina nguvu hata zaidi, maana si ukurasa wa bidhaa tu unaokulinda: hata sharti la DAP alilolichagua yeye mwenyewe linambebesha usafiri mpaka mahali palipotajwa, na palipotajwa ni nyumbani kwako. Hapo hana pa kutokea, awe amesimamia DAP au DDP. Muulize tu msafirishaji kama 12 hiyo ni ya safari ya kawaida ya kukufikia, au ni ya huduma uliyoiomba mwenyewe, kama vile kuchagua siku au saa ya kuletewa. Ikiwa uliiomba wewe, itoe kwenye dai.

Dhaifu ni ada ya uwakala ya 18. Hiyo si ushuru wala kodi, ni ujira wa msafirishaji kwa kutanguliza fedha na kushughulikia karatasi, na muuzaji anaweza kusema hakuitaja popote. Hoja yako ni kwamba ada hiyo isingekufikia kabisa kama mzigo ungetumwa kwa njia iliyotimiza ahadi, na kwamba mnunuzi anayesoma maneno “bei ya mwisho” hawezi kutarajia ada nyingine njiani. Naiona hoja hiyo kuwa ya haki na ningeidai, lakini kama muuzaji atakurudishia 124 na kuikatalia hiyo 18, pima kama inafaa kuendelea na mvutano kwa ajili yake.

Kuhusu kuukataa mzigo, sikushauri isipokuwa muuzaji awe amekuandikia kwanza kwamba atakurudishia 300 kamili mara mzigo utakapokataliwa. Bila maandishi hayo, mzigo uliokataliwa unaweza kukaa ghalani, au kurudishwa kwa gharama ambayo muuzaji atataka kuikata kwenye fedha yako, au hata kuhesabiwa kuwa umetelekezwa na kuharibiwa, nawe ukabaki bila cherehani, bila fedha, na huku yeye akidai kwamba alituma kama ilivyopaswa na ni wewe uliyekataa kupokea. Unapolipa na kuchukua bidhaa, unabaki ukibishania 142. Unapokataa, unaiweka 300 yote mezani.

Akikupendekezea njia ya tatu, yaani urudishe mzigo naye autume upya ukiwa umeandikwa zawadi au kwa thamani ndogo, kataa bila kusita. Mwingizaji ni wewe, na tamko la uongo litakuangukia wewe. Tena barua kama hiyo ikionekana kwenye mawasiliano yenu, benki au mamlaka yoyote utakayoiendea itakutazama kwa jicho jingine.

Siku ya nne ikifika bila jibu, lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, ukiwa umethibitisha kwamba ukurasa wa malipo ni wa msafirishaji kwa kuingia kwenye tovuti yake mwenyewe na kuandika namba ya mzigo, si kwa kubofya kiungo cha ujumbe wa simu. Kabla ya kulipa, mtumie msafirishaji na muuzaji ujumbe wa sentensi moja kwamba unalipa chini ya pingamizi. Maneno hayo hayamlazimishi msafirishaji kitu, lakini yanamnyima muuzaji nafasi ya kusema baadaye kwamba kwa kulipa ulikubali. Dai risiti ya kodi yenye namba ya tamko la forodha, siyo risiti ya kadi peke yake, kwa sababu bila namba hiyo huwezi kuifuatilia ile 16.

Nimeiacha benki mwisho kwa kuwa watu wengi huikimbilia kwanza na hurudi wamevunjika moyo. Pingamizi la malipo ya kadi hurudisha fedha uliyomlipa mfanyabiashara unayemlalamikia. Wewe ulimlipa muuzaji 300. Ile 142 utakuwa umemlipa msafirishaji, na msafirishaji alitoa huduma aliyosema ataitoa. Ukipinga malipo ya msafirishaji, utashindwa, na huenda akakuzuilia mizigo ya baadaye kwa deni. Malipo yanayoweza kupingwa ni yale ya muuzaji, na sababu ni kwamba ulichopokea hakilingani na kilichoelezwa: uliuziwa cherehani iliyolipiwa kodi mpaka mlangoni, ukaletewa isiyolipiwa. Ombea sehemu ya kiasi, si chote, kwa kuwa cherehani umebaki nayo. Anayebaki na bidhaa akadai fedha yote hudhoofisha neno lake mwenyewe.

Baadhi ya benki zitakuambia kwamba hasara iliyolipwa kwa mtu wa tatu haimo katika kanuni zao. Jibu linalofaa ni kuwaonyesha kwamba hudai fedha ya msafirishaji, bali unadai ile sehemu ya 300 ambayo, kwa maneno ya muuzaji mwenyewe, ilikuwa ya kulipia kodi za kuingiza na haikutumika kuzilipa. Wapelekee picha ya ukurasa, risiti, ankara yenye herufi DAP, risiti ya kodi na barua zenu, zikiwa zimepangwa kwa tarehe. Waulize pia mapema mwisho wa kupokea pingamizi ni lini. Katika mitandao mikubwa ya kadi, muda huo kwa madai ya namna hii mara nyingi ni siku 120, lakini benki yako inaweza kutaka upeleke maombi mapema zaidi, na muuzaji anayekuambia kila wiki kwamba “suala linashughulikiwa” anaweza kukusukuma mpaka siku hizo ziishe. Kama siku 14 baada ya kulipa hajakurudishia, peleka pingamizi benki bila kumngoja tena.